Rangi ya Vestine

Siku Vestine alipoondoka, uji wake ulikuwa bado unafuka mvuke kikombeni. Alikuwa amekaa kwenye kaunta ya studio akikata picha za pasipoti za mteja, akasema tumbo linamsokota. Évode, mumewe, alikuwa nyuma ya kamera. Alimwambia atoke nje apate hewa. Vestine aliinuka, akashika ukingo wa kaunta, akatapika damu. Ilikuwa damu nyingi, nyeusi kama kahawa, ikamwagika juu ya mkasi na juu ya vile visura vidogo vilivyopangwa mezani. Kisha akaanza kuanguka.

Aliyemdaka asipige kichwa sakafuni ni Jovia, fundi cherehani wa duka la jirani, aliyekuwa amekuja na chupa yake ya uji kama kila asubuhi. Walimbeba wawili hadi barabarani, wakasimamisha gari la kwanza lililokubali kusimama.

Hospitalini waliwekwa kwenye korido ndefu yenye taa za tyubu. Daktari, mama mmoja wa makamo, alimfunua Vestine kope kwa kidole gumba, akauliza macho yamekuwa ya njano tangu lini.

"Daktari, macho ya mke wangu ni meupe," Évode alimjibu. "Hizo ni taa zenu."

Aliyasema hayo bila ubishi, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kazi yake yote ilikuwa hiyo: kujua taa inavyomdanganya mtu sura. Daktari alimtazama mara moja, hakubishana naye, akaingia ndani na kitanda. Alipotoka tena alikuwa anatembea polepole, na Évode alielewa kabla hajafungua kinywa. Daktari alizungumza kuhusu ini, kuhusu mshipa wa kooni uliopasuka, kuhusu ugonjwa unaokaa mwilini kimya kwa muda mrefu. Alisema pia kwamba ndugu zake wa damu wapimwe. Maneno yakampita Évode kama kelele za barabarani. Alikuwa anatazama viatu vya Vestine alivyovishika mkononi, na hakukumbuka nani alimpa.

Inafaa kusema walivyokuwa wakifanya kazi, maana ndiko mambo yalikozaliwa.

Studio yao ilikuwa mtaa wa Remera, ndani kabisa ya jengo la biashara, kwenye safu ya maduka yasiyo na dirisha hata moja. Mwanga wote ulitoka juu, kwenye tyubu zilezile ambazo mwenye jengo alizifunga kila chumba. Mchana na jioni vilifanana. Mtu akipigwa picha chini ya taa zile anatoka na uso wa kijani, kama aliyepanda mashua kwa mara ya kwanza, na vivuli vya baridi vya bluu chini ya macho. Jicho la binadamu huzoea, halioni. Kamera haizoei kitu.

Kwa hiyo maduka na ofisi za jengo zima zilimletea Évode picha zao. Leo ni wafanyakazi wa duka la dawa waliojipiga kwa simu wakimuaga mwenzao, kesho ni chama cha akiba kinachotaka picha ya kamati kwa ajili ya ukuta. Évode aliziingiza kwenye kompyuta na kuvuta vitelezi viwili, vile vialama vya kusogeza kushoto na kulia kwenye kioo. Kimoja kilikwenda kati ya bluu na njano, cha pili kati ya kijani na ile rangi ya zambarau nyekundu ambayo mafundi huiita majenta. Ukiongeza majenta, kijani kinakufa. Ukiongeza njano kidogo, ule ubaridi unaondoka na ngozi inarudisha damu.

Swali ni kujua uishie wapi. Vitabu vinasema upige picha pamoja na kadi ya kijivu, kijivu kisichoegemea rangi yoyote, halafu uiambie kompyuta: hiki ndicho kijivu, rekebisha vingine vyote kwa hiki. Évode alikuwa nayo kadi hiyo. Ilikuja na kamera, ikatundikwa kwenye msumari nyuma ya kaunta, ikashika vumbi. Yeye alikuwa na njia yake. Mteja hanunui kijivu, alikuwa akisema, ananunua uso. Basi kila alipotaka kupanga rangi upya alimpiga picha Vestine pale kaunta, chini ya tyubu, akavuta vitelezi mpaka uso wa mkewe ukawa vile anavyoujua. Akauhifadhi mpangilio huo kwenye kompyuta kwa jina la Vestine, na kila picha ya jengo lile iliyoingia aliipaka rangi ya Vestine, kwa kubonyeza mara moja.

Vestine alikuwa akimtania. Aliwaambia wateja kwamba mume wake amemgeuza kipimo cha sokoni, kama kile cha kupimia maharage.

Kwa miaka kazi ilikwenda vizuri. Halafu mwaka huu wateja wakaanza kulalamika. Msichana wa duka la dawa alirudisha picha akasema wametoka kama waliofungiwa kwenye friji. Mwingine alisema midomo ya mama yake imekuwa ya bluu. Évode aliziona mwenyewe: nyuso zilikuwa za baridi, zimepauka. Akazilaumu tyubu. Alinunua nyingine, akapanda ngazi, akazibadilisha zote, akamkalisha Vestine, akapanga rangi upya. Wateja wakaja na lalamiko lilelile. Akapanga tena. Mwishowe alizoea kumpa joto kila aliyenung'unika, mmoja mmoja, kwa mkono, na wasionung'unika wakaondoka na ubaridi wao.

Msiba ulikuwa nyumbani kwao Kagarama. Watu walikaa kwenye viti vya kukodi uani, na mama yake Vestine, Mukashema, alikaa ndani juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, hazungumzi. Alipozungumza, alisema jambo moja. Mtoto wake alikuwa mzima. Jumapili alikula, akafua, akacheka. Mtu mzima hatapiki damu asubuhi moja akafa. Amelishwa kitu.

Neno hilo halikuhitaji kusukumwa. Lilitembea lenyewe kutoka kiti hadi kiti. Nani alikuwa naye asubuhi ile? Jovia. Uji ulikuwa wa nani? Wa Jovia. Huyo Jovia ni wa wapi? Amekulia Uganda, hapa hana ukoo unaojulikana. Kufikia jioni hapakuwa tena na swali, palibaki tu kuulizana kwa nini. Mmoja alisema ni wivu wa biashara, ingawa hakueleza fundi cherehani amwonee wivu vipi mkata picha.

Jovia alipofika getini na kitambaa chake cheupe cha kufunika jeneza, alichokishona mwenyewe, Achille, kaka yake Vestine, alimzuia. Hakupaza sauti. Alimwambia kwamba kwa heshima ya mama, asiingie, na mazishini asionekane. Jovia alimtazama Évode aliyekuwa amesimama karibu na tangi la maji. Évode aliinamisha macho. Alikuwa amekunywa uji ule yeye mwenyewe mara nyingi. Lakini alikuwa pia ameiona ile damu, na Vestine alikuwa mzima, na kama alikuwa mzima basi kitu fulani kimemuua. Jovia akageuka na kitambaa chake.

Kesho yake Mukashema alimwita mkwewe. Alitaka picha ya kuweka mbele ya jeneza. Si ile ya harusi, ya msichana mwembamba ndani ya shela.

"Niletee mwanangu kama alivyokuwa juzi," alisema.

Évode alikwenda Remera asubuhi na Ingrid, mdogo wake Vestine, kwa kuwa familia haikutaka akae peke yake. Kaunta ilikuwa imesafishwa. Duka la Jovia lilikuwa limefungwa, na mtu alikuwa ameandika kwa chaki mlangoni neno ambalo Ingrid alilifuta kwa kiganja bila kulisoma kwa sauti.

Mtu anayeishi na mpiga picha ana picha chache kuliko jirani. Za karibuni zilikuwa zile za kupangia rangi tu, Vestine amekaa wima kama mshtakiwa. Ila moja. Mteja mmoja aliwapiga yeye na Jovia wakiwa wameegemea kaunta, chupa ya uji katikati yao, Vestine ameshika kikombe, wote wawili wanacheka jambo ambalo haliko kwenye picha. Ilikuwa ya wiki chache nyuma. Hapo Vestine alikuwa Vestine.

Évode aliifungua. Wote wawili walikuwa wa kijani, kama kawaida. Akabonyeza ile rangi iliyohifadhiwa. Kijani kikaondoka. Uso wa Vestine ukaja, wa kahawia laini, sawasawa na ule aliokuwa akiamka kando yake. Akaanza kukata ukingo wa picha ili amwondoe Jovia.

"Subiri, shemeji," Ingrid alisema. "Mtazame Jovia. Ungesema huyo ndiye aliyekufa."

Ilikuwa kweli. Jovia alikuwa na rangi ya majivu yaliyolowa, midomo ya bluu. Évode alisema ni tyubu. Alisema hivyo kwa mazoea, mdomo ukitangulia kichwa, na hapohapo kichwa kikafika. Tyubu ni zilezile. Wanawake wawili wamesimama bega kwa bega, chini ya taa moja, ndani ya picha moja. Taa haichagui. Ikiwa rangi hii inamfaa mmoja na inamharibu mwenzake, basi tofauti haiko juu kwenye dari.

Aliitazama picha upya. Nyuma ya vichwa vyao, kwenye msumari, kadi ya kijivu ilikuwa inaonekana vizuri. Akafuta rangi ya Vestine. Akachukua kile kishale cha kuchagulia kijivu, akakipeleka juu ya kadi, akabonyeza.

Ukuta ukawa mweupe. Kikombe kikawa cheupe. Jovia akapata damu usoni, akawa Jovia yule wa kila asubuhi, mweusi wa kung'aa, macho meupe. Na Vestine akawa wa njano.

Haikuwa njano ya taa. Ilikuwa ndani yake. Ilikuwa kwenye paji la uso, pembeni mwa pua, kwenye viganja vilivyoshika kikombe. Évode aliikuza picha mpaka macho yakajaa kioo chote. Palipotakiwa kuwa peupe palikuwa na rangi ya karatasi iliyosahauliwa juani.

Ingrid alijifunika mdomo. Évode hakujifunika chochote. Alihisi mwili unamwacha kuanzia vidoleni, kama mtu anayezama kwenye maji baridi amesimama wima. Alifungua picha ya kupangia rangi ya mwezi uliopita, akabonyeza kadi. Njano. Ya kabla yake, njano kidogo. Akarudi nyuma, picha baada ya picha, na mkewe akawa anapona mbele ya macho yake, hadi alipofika picha ya mwaka jana na kumkuta mzima kabisa, amemtolea kamera ulimi.

Hapo akaelewa malalamiko yote. Kila Vestine alipozidi kuwa wa njano, yeye alivuta kitelezi kuelekea bluu kidogo, kisha kidogo tena, mpaka uso wake ukafanana na ule anaoujua. Wateja ndio waliobeba bluu hiyo. Jengo zima lilikuwa linatembea na ugonjwa wa mke wake umegeuzwa kinyume, na walimwambia, kwa maneno yao wenyewe walimwambia, naye akapanda ngazi kubadilisha tyubu.

"Nilimwona," Ingrid alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jumapili ya Pasaka, nje ya kanisa. Nikamwambia dada, macho yako yana rangi gani hiyo. Akacheka. Akasema, 'Ni taa za Évode, zimeniingia.' Nikacheka na mimi."

Évode alikuwa anamsikia daktari, yale maneno yaliyompita kwenye korido yakirudi sasa moja moja na kila moja likikaa mahali pake. Ini. Kimya. Muda mrefu. Akajisikia na yeye mwenyewe akisema kwa upole: hizo ni taa zenu.

Palikuwa na njia rahisi, na aliijua kuliko mtu yeyote Remera. Angerudisha rangi ya Vestine, amwondoe Jovia, achapishe. Mukashema angepata mtoto wake mzuri, mwenye uso wa kahawia. Hakuna mtu msibani angeuliza kitu. Na Jovia angebaki muuaji. Kuichapisha ile nyingine ni kusema mbele ya ukoo mzima kwamba mpiga picha alikaa na mgonjwa kaunta moja, akamtazama kwa makini kuliko mume yeyote anavyomtazama mkewe, na kila alipomtazama akamfuta ugonjwa usoni.

Ingrid alikuwa anamtazama, hakumwambia afanye nini.

Évode alichapisha tatu: ile ya kadi ya kijivu, nzima, na Jovia ndani yake, ile ya mwaka jana, na ya tatu, ileile ya kwanza lakini iliyopakwa rangi ya Vestine.

Mukashema alizipokea pale mkekani mchana. Évode alipiga magoti mbele yake, Achille amesimama nyuma, wakwe wengine mlangoni. Alieleza kadi ni nini, na kitelezi ni nini, na jinsi rangi ya ile picha ya tatu ilivyouficha ugonjwa, vibaya, akirudiarudia. Alieleza maneno ya daktari ambayo hakuwa amemwambia mtu. Mukashema hakuonyesha kama anasikia. Alikuwa ameshika picha moja kila mkono, akimlinganisha Vestine na Vestine. Kisha akaishusha ya mwaka jana, akaiinua ile ya njano kuielekea nuru ya mlangoni, akamtazama Jovia, akamtazama binti yake, akarudi kwa Jovia. Kidole chake kikapita juu ya macho ya mmoja, halafu ya mwenzake.

"Baba yao alikuwa na macho haya," alisema. "Kule Burundi, kabla hajafa. Tukasema ni taa ya mafuta."

Achille alimshika shemeji yake bega, na Évode hakujua kama anataka kumwinua au kumsukuma. Achille alisema: "Wewe ulikuwa unamwona kila siku."

"Kila siku," Évode alisema.

Achille akamwachia, akatoka. Walimwona kupitia dirisha akivuka ua katikati ya viti, watu wakimuuliza, yeye akiwapita. Alikwenda kwa miguu hadi kwa Jovia, ambaye chumba chake hakikuwa mbali, na walirudi pamoja kabla ya jua kuzama, Jovia mbele na kitambaa chake mkononi, Achille nyuma kama mtu aliyekamatwa. Alichomwambia huko hakikujulikana. Mukashema alisogea kwenye mkeka, akaupigapiga kwa kiganja kumwonyesha pa kukaa. Jovia akakaa. Hakulia. Alisema, bila kumtazama yeyote, kwamba Vestine alikuwa akimaliza kikombe chake siku zote, ila miezi hii alikuwa akikiacha nusu, na yeye alidhani uji wake umekuwa mbaya.

Kwa jeneza Mukashema alichagua ile ya mwaka jana. Ile ya njano aliifunga kwenye kitenge, akaiweka kwenye mkoba wake, na hakuna aliyemwomba aitoe.

Baada ya mazishi Ingrid na Achille walikwenda kupimwa. Achille alikutwa salama. Ingrid alikutwa na ugonjwa uleule wa ini, ungali mchanga, na anatumia dawa. Évode anafungua studio saa ileile, na wateja hawatoki tena wa bluu, na hakuna aliyewahi kumuuliza ilikuwaje.

Lakini neno lililoandikwa kwa chaki lilikuwa limesomwa na wengi kabla Ingrid hajalifuta, na wale waliolisoma hawakuwa msibani siku picha ilipooneshwa. Wateja wa Jovia walipungua, mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake nzuri. Aliurudisha ufunguo kwa mwenye jengo. Sasa anashonea nyumbani, na chumba chake cha Remera kinauza vifuniko vya simu.